Leseni ya Mlimani: Anachopimwa Mwongoza Watalii wa Kilimanjaro

Hakuna mgeni anayeruhusiwa kupanda Mlima Kilimanjaro bila mwongozaji mwenye leseni. Pale getini, iwe Marangu, Machame au Londorossi, askari wa hifadhi huandikisha majina, huhakiki malipo, kisha hutaka kumjua anayeongoza msafara. Kijana aliyezaliwa Kibosho, anayeujua msitu kama shamba la babu yake, akifika pale bila karatasi atapanda kama mpagazi au arudi nyumbani.

Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka mwongoza watalii awe na leseni, na kazi yenyewe imeachwa kwa raia wa Tanzania. Julai 2025 serikali ililisisitiza hilo tena ilipotangaza orodha ya biashara wasizoruhusiwa wageni, kuongoza watalii ikiwemo. Leseni ya wizara, ambayo wengi mitaani bado wanaiita ya TALA, haitolewi kwa sura nzuri. Mwombaji anatakiwa aonyeshe mafunzo ya kazi hiyo, cheti cha huduma ya kwanza na uwezo wa kuzungumza na wageni. Kwa mlimani hifadhi nayo ina mafunzo na vibali vyake. Wengi huanzia chini kabisa, kwa wagumu, yaani wapagazi. Misimu kadhaa ya kubeba mizigo, kisha kusaidia mwongozaji, ndipo mtu hukabidhiwa kundi.

Ukiangalia mahitaji hayo kwenye karatasi, utadhani ni mitihani mitatu isiyojuana: huduma ya kwanza kwa mwalimu mmoja, lugha kwa mwingine, na ujuzi wa mahali kwa wa tatu. Wageni katika kazi hii huisoma hivyohivyo, kila somo na daftari lake. Kosa la mpango huo huonekana usiku, juu ya mita 4,000, ambako mitihani yote mitatu huja kwa mpigo.

Tuanze na huduma ya kwanza. Kozi ya kawaida ya mjini hufundisha kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika, kubana kifua cha aliyezimia, kisha kusubiri gari la wagonjwa. Hilo la mwisho halipo mlimani. Kambi ya Barafu iko mita 4,673 juu ya usawa wa bahari, na helikopta, hata ikiwepo, haiwezi kutegemewa usiku wala penye ukungu. Kwa hiyo waongozaji makini husoma kozi ndefu ya huduma ya kwanza ya porini, ambayo kwa kawaida huchukua kama saa 70 hadi 80, na cheti chake huisha muda baada ya miaka miwili au mitatu. Adui wao mkuu si nyoka wala simba. Ni hewa. Kileleni, mita 5,895, mgeni hupata karibu nusu tu ya oksijeni anayoipata akiwa Tanga.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini ni wa aina ambayo mwanafunzi hupewa na mwalimu wake. Mgeni wa kike, miaka 52, amefika Barafu saa tisa alasiri. Msafara unatakiwa kuondoka usiku wa manane kwenda kileleni. Jioni hataki chakula. Mwongozaji afanye nini?

Anakaa naye na kumhoji kwa mizani inayoitwa ya Lake Louise, ambayo hupima mambo manne: maumivu ya kichwa, tumbo, uchovu na kizunguzungu. Kila moja hupewa alama kutoka 0 hadi 3. Mama huyu kichwa kinamuuma kwa kiasi, alama 2. Tumbo linamchafuka kidogo, 1. Amechoka sana, 2. Kizunguzungu kidogo, 1. Jumla ni 6. Akiwa na maumivu ya kichwa na jumla ikafika 3, tayari anao ugonjwa wa mwinuko. 6 ni kiwango cha kati. Jibu sahihi la mtihani ni fupi: huyu hapandi hata hatua moja zaidi mpaka dalili ziishe. Anapumzika, anakunywa maji, anapewa dawa ya maumivu, na anaangaliwa tena baada ya saa chache.

Wanafunzi wengi hukimbilia kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu. Kikisoma asilimia 81, hofu. Kikisoma 88, shangwe. Walimu wazuri huwakatisha tamaa mapema. Katika kimo kile namba za miaka ya themanini ni za kawaida, na kidole chenye baridi au chenye rangi ya kucha hudanganya kifaa. Namba inasaidia kulinganisha mgeni na hali yake ya jana. Haiwezi kuamua peke yake.

Saa tano usiku mwongozaji anarudi kwenye hema. Mama ametapika mara mbili, kichwa kimezidi, na anajibu maswali polepole kama mtu aliyeamshwa usingizini. Hapo kuna kipimo kisichohitaji kifaa: anaombwa atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Anayumba, anashindwa. Maana yake ubongo umeanza kuvimba, na kusubiri kupambazuke ni kuhatarisha uhai wake. Anapewa oksijeni kama mtungi upo, pamoja na deksamethasoni iwapo mwongozaji amefundishwa na ameruhusiwa kuitumia, na anashushwa usiku uleule kuelekea Mweka, kambi iliyo chini kwa kiasi cha mita 1,500. Machela hubebwa na watu, na kila hatua ya kushuka ni dawa. Vidonge vinanunua muda tu. Dalili nyingine ya hatari ni ya mapafu: mtu anahema akiwa amekaa, anakohoa, midomo inabadilika rangi. Hukumu ni ileile, kushuka.

Sasa lugha. Mwangalie kijana aliyefaulu mtihani wa mazungumzo. Anaweza kusimulia kwa Kijerumani habari za tembo na kahawa ya Wachagga bila kukwama. Lakini pale hemani anauliza swali moja tu, kwamba mama yuko sawa? Na mama, aliyelipa maelfu ya dola na kufanya mazoezi mwaka mzima, anajibu ndiyo. Karibu kila mgeni hujibu ndiyo. Wanaoogopa kurudishwa chini huficha maumivu, na wengine humeza vidonge kimyakimya ili wasionekane.

Ndiyo maana mtihani wa lugha wenye akili haumuulizi mwombaji majina ya wanyama pekee. Unampa mgonjwa wa kuigiza na kumtaka atoe habari kwa maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana: kichwa kinauma upande gani, kilianza lini, kimezidi au kimepungua tangu chakula cha mchana, umekojoa mara ngapi leo, umemeza dawa gani na saa ngapi. Atofautishe uchovu na kizunguzungu katika lugha ya mgeni, maana ni alama mbili tofauti kwenye mizani. Na mgeni akijibu kwa maneno yasiyoingiana na swali, mwongozaji ajue kama ni lugha imempiga chenga au ni ubongo. Wenye Kijerumani, Kifaransa au Kihispania wana soko zuri mlimani, ila wengi walisomeshwa lugha ya kuuza safari. Lugha ya mwili wa binadamu hawakuifikia.

Kiswahili nacho kimo humo, ingawa hakuna anayekitungia mtihani. Usiku ule mwongozaji lazima apige simu au aite kwa redio kwenye kituo cha askari wa hifadhi na kusema kwa utaratibu: mgonjwa ni nani, yuko wapi, ana dalili gani tangu saa ngapi, amepewa nini, anahitajika nini. Nimesikia ripoti za redio zilizojaa kelele na viapo, zisizotaja hata jina la kambi.

Mtihani wa tatu, wa ujuzi wa mahali, ndio unaodharauliwa zaidi, kwa sababu kila mwenyeji hujiona anajua. Hapo hadithi za vijiweni huingia. Maarufu kuliko zote ni ile ya Malkia Viktoria kumpa mjukuu wake wa Ujerumani mlima huu kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania ukapinda. Wageni huipenda, na ni ya uongo. Mpaka ulipangwa kwa makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, na kabla ya hapo, mwaka 1885, Wajerumani walikuwa wamekwisha kutafuta mikataba kwa Mangi Rindi wa Moshi. Mwongozaji anayeijua habari ya Rindi ana kisa kitamu kuliko cha keki ya kifalme.

Vivyo hivyo kwa safari ya kwanza kufika kileleni, tarehe 6 Oktoba 1889, ya Hans Meyer na Ludwig Purtscheller. Kijana wa Marangu atakutajia papo hapo Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza, na ndivyo alivyotukuzwa miaka mia moja baadaye. Ila Meyer mwenyewe katika maandishi yake anamtaja na kumsifu Mwini Amani wa Pangani, aliyevumilia naye baridi ya kambi ya juu. Mwongozaji aliyesoma huwapa wageni majina yote mawili na kuwaambia kipi kimeandikwa na kipi kimesimuliwa.

Lakini ujuzi wa mahali unaookoa watu hauko kwenye tarehe. Ni kujua njia ya kushukia kutoka kila kambi, wapi machela inapita na wapi haipiti, chemchemi ya mwisho ya maji iko wapi. Barafu, kwa mfano, haina maji. Wagumu huyapanda nayo kutoka bonde la Karanga. Kundi lililopoteza madumu yake njiani litalala na kiu, na mtu mwenye upungufu wa maji huonyesha dalili zinazofanana sana na za mwinuko. Mwongozaji asiyejua habari ya maji atakosea hata kumhesabia mgonjwa alama.

Mfumo wenyewe una matundu. Leseni huhuishwa kila mwaka, lakini cheti cha huduma ya kwanza kinaweza kuwa kimekwisha muda bila mtu kukisoma tarehe. Kuna kozi za siku moja zinazotoa karatasi nzuri kuliko mafunzo yake. Na msimu ukichanganya, kampuni za bei nafuu hupunguza waongozaji kwenye kundi. Hilo kwangu ni baya kuliko cheti kilichochakaa, kwa sababu mwongozaji mmoja mwenye wageni sita hawezi kumshusha mgonjwa na kuwapeleka watano kileleni kwa wakati mmoja. Atashawishika kumwacha hemani.

Kwa hiyo ukienda kupanda, au ukimtafutia ndugu yako aliyeko ughaibuni safari ya mlima, usiishie kuuliza bei. Omba kuona leseni ya mwongozaji mkuu, soma tarehe kwenye cheti chake cha huduma ya kwanza, na uliza kwa jina ni nani atakayeshuka nawe usiku ukiugua. Kampuni isiyoweza kulitaja jina hilo kabla ya malipo, tafuta nyingine.