Maji yanayolainisha zege ndiyo yanayoinyima nguvu

Nimekuwa Gikomba mara nyingi, kwa sababu jamaa zangu wamekaa Majengo, Pumwani, tangu enzi za wazee wao, na soko liko hapo mlangoni. Anayelijua soko lile kwa mitumba peke yake hajaona jambo la pili linaloendelea pale. Majumba ya ghorofa yanapandishwa kila upande, katikati ya vibanda, mikokoteni na kelele za wafua vyuma wa Kamukunji. Mengi hayana mashine kubwa. Zege inakorogwa chini kwa sepeto au kwa kikorogeo kidogo cha injini, kisha inapandishwa juu kwa karai na ndoo, mtu kwa mtu.

Katika moja ya majengo hayo nilisimama nikitazama nguzo za ghorofa ya tatu zikijazwa. Nilimuuliza fundi kwa nini zege yake ni nyepesi kama uji wa mgonjwa. Akanijibu kwa adabu: "Ustadh, ikiwa nzito haiingii katikati ya vyuma. Na hawa vijana wataipandishaje?" Jibu lake lina ukweli ndani yake. Ubaya ni kwamba alichukua dawa isiyo yake, nayo ni dawa inayotumika Mombasa, Malindi na Lamu vilevile.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana ni nyepesi. Chukua uzito wa maji, ugawanye kwa uzito wa saruji. Lita moja ya maji ina kilo moja, na mfuko wa saruji una kilo 50. Ukitia lita 25 kwa mfuko mmoja, uwiano ni 0.50. Ukitia lita 40, uwiano ni 0.80. Mwaka 1918 huko Chicago, mtafiti Duff Abrams, baada ya kupima sampuli nyingi sana, alitangaza kuwa kwa vifaa vilevile, zege ikiwa imeshindiliwa vizuri, nguvu yake huamuliwa na uwiano huo. Uwiano ukipanda, nguvu inashuka. Zaidi ya miaka 100 imepita na wahandisi bado wanaanzia hapo.

Sababu yake iko ndani ya saruji. Wengi hudhani zege hukauka kama nguo kwenye kamba. La, zege haikauki ikawa ngumu. Saruji hushikana na maji kwa kemia, na katika kushikana huko huota chembe ndogo mno zinazofumana na kuyabana mchanga na kokoto pamoja. Kwa kazi hiyo saruji inahitaji maji kiasi cha robo ya uzito wake, na mengine kidogo hunaswa ndani ya chembe hizo. Jumla ni kama asilimia 40 ya uzito wa saruji, yaani lita 20 kwa mfuko. Yanayozidi hapo saruji haina kazi nayo. Hukaa katikati kama mgeni asiye na kiti, na siku zikipita huondoka, lakini mahali alipokaa hapazibwi. Panabaki vitundu visivyoonekana kwa macho.

Sasa turudi kwenye ile nguzo. Mchanganyiko wa fundi ulikuwa ule wa kawaida: saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Mfuko mmoja ni kama lita 35 kwa ujazo, kwa hiyo mchanga ni lita 70 na kokoto lita 140. Vikishakorogwa na kushindiliwa, mchanga huingia kwenye mianya ya kokoto na saruji kwenye mianya ya mchanga, na mfuko mmoja hutoa zege ya lita 160 hivi.

Kwa kila mfuko vijana walimimina mtungi mmoja wa lita 20, na ndoo moja na nusu ya lita 10. Hizo ni lita 35. Lakini mchanga ulikuwa umenyeshewa usiku. Mchanga wa lita 70 una uzito wa kilo 105 hivi, na ukiwa na unyevu wa asilimia 5 tu, umebeba lita 5 za maji ambayo hakuna aliyeyahesabu. Jumla ni lita 40, uwiano 0.80. Saruji ikichukua lita zake 20, lita nyingine 20 zinageuka vitundu. Karibu sehemu moja kwa nane ya nguzo ile itakuwa tundu tupu.

Taasisi ya Zege ya Marekani ina jedwali linalotumiwa sana kukadiria. Uwiano wa 0.54, yaani lita 27 kwa mfuko, hutoa zege yenye nguvu ya nyutoni 30 kwa kila milimita ya mraba baada ya siku 28. Uwiano wa 0.69 hutoa 20. Uwiano wa 0.79 hutoa 15. Hayo ni makadirio. Saruji ya daraja la chini au iliyokaa sana ghalani itashuka zaidi. Lakini ona mteremko wenyewe: kutoka lita 27 hadi 40, nguvu imekatika nusu. Nguzo ya sentimita 20 kwa 20, ukiacha vyuma vyake, ingepondeka kwa mzigo wa tani 120 hivi katika hali ya kwanza, na tani 60 katika hali ya pili. Saruji ni ileile na gharama ni ileile. Kilichoongezwa ni maji yasiyojaza hata mtungi mmoja wa mkokoteni.

Mhandisi anapochora jengo huacha nafasi ya usalama, ndiyo maana majumba mengi yenye zege dhaifu bado yamesimama. Nafasi hiyo haikuwekwa iliwe na maji, kwa sababu kuna wengine wanaoila pia: ghorofa iliyoongezwa bila mchoro, vyuma vyembamba, ardhi ya kando ya mto. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, jengo la makazi lilianguka Huruma, si mbali na Gikomba, likaua watu karibu 50. Sisemi lilianguka kwa sababu ya maji ya zege peke yake. Jengo huanguka kwa makosa yaliyopandana. Nasema hili ni mojawapo la makosa yasiyoonekana mara rangi ikishapakwa.

Basi fundi afanyeje, ikiwa zege nzito kweli haiingii katikati ya vyuma? Zege ya lita 27 kwa mchanganyiko wa 1:2:4 ni ngumu kwelikweli kwa mtu anayeshindilia kwa fimbo. Akiilazimisha, itaacha mapango kama sega la nyuki pembeni mwa vyuma. Mapango hayo nayo ni hasara: hewa ya asilimia 5 tu iliyobaki ndani hupunguza nguvu kwa karibu theluthi. Kwa hiyo kukaza maji bila mpango mwingine ni kukimbia mvua na kuangukia kisimani.

Jibu liko katika kutofautisha mambo mawili ambayo mafundi huyachanganya. Nguvu inafuata uwiano wa maji na saruji. Ulaini unafuata zaidi wingi wa maji katika zege nzima, kwa sababu uji wa saruji ndio mafuta yanayozifanya kokoto ziteleze. Ukitaka ulaini bila kuharibu nguvu, usiongeze maji peke yake. Punguza mchanga na kokoto kwa kila mfuko. Chukua mchanganyiko wa 1:1.5:3: lita 35 za saruji, 52 za mchanga, 105 za kokoto, na maji yaleyale lita 27. Uwiano ni uleule 0.54, nguvu ileile, lakini sasa uji uleule unalainisha mzigo mdogo zaidi, na zege inateremka vizuri kwenye nguzo. Gharama yake ni saruji: badala ya mifuko 6 na robo kwa mita moja ya ujazo, utatumia karibu mifuko 8. Mwenye nyumba aelezwe hivyo wazi, kwa sababu yeye ndiye anayelipa na yeye ndiye atakayelala chini ya dari hiyo. Njia nyingine ni kemikali ya kulainisha zege inayouzwa madukani, au kukodi mashine ya kutikisia zege, ambayo huifanya zege nzito itembee kama nyepesi kwa muda ule inapotikiswa.

Na vipi utajua, wewe usiye fundi? Kipimo cha ulaini ni koni ya bati, kimo chake milimita 300, upana wa juu 100 na wa chini 200. Unaijaza kwa tabaka tatu, kila tabaka unalichoma kwa fimbo ya chuma mara 25, kisha unainyanyua koni taratibu. Zege inajikalia chini kidogo. Pima imeshuka kiasi gani kutoka kimo cha koni. Kwa nguzo inayoshindiliwa kwa mkono, kushuka kwa milimita 75 hadi 100 kunatosha. Ikitapakaa chini kama uji sahanini, na hakuna kemikali iliyotiwa, uliza maji ni lita ngapi. Koni haikwambii nguvu. Inakwambia kama mchanganyiko huu ni sawa na ule wa kwanza ulioukubali. Nguvu hupimwa kwa vipande vya sentimita 15 kila upande, vinavyotunzwa majini na kupondwa maabara siku ya 28.

Hata bila koni kuna dalili. Maji yanatuama juu ya zege muda mfupi baada ya kumwagwa. Maji meupe kama tui yanachuruzika kwenye maungio ya mbao, nayo yanaondoka na saruji. Kokoto zinazama na uji unabaki juu. Wiki kadhaa baadaye, ukisugua uso wa zege kwa kiganja, unatoka na vumbi jeupe. Dalili nyingine ni ya saa: zege iliyokorogwa asubuhi ikaanza kushika, kisha alasiri ikatiwa maji tena "ifufuke". Ile haifufuki. Imetupwa tu mahali pengine.

Sisi wa pwani tuna sababu ya ziada ya kulishika jambo hili. Vile vitundu ndivyo njia ya chumvi. Upepo wa bahari na maji ya kisima yenye chumvi hupenya humo hadi kwenye vyuma, vinapata kutu, kutu inavimba na kuipasua zege kutoka ndani. Ukiona dari ya ghorofa ya Mji wa Kale inamwaga vipande na vyuma vyekundu vinachungulia, mara nyingi zege ile ilikuwa na vitundu tangu siku ya kwanza.

Neno la mwisho ni kuhusu maji yanayostahili kumwagwa. Zege ikishashika, iweke na unyevu kwa siku 7 angalau, kwa magunia yaliyoloa au kwa kuifunika kwa nailoni, ili saruji iendelee kuota na kuziba vitundu. Hapo usibane mkono. Mtungi ule uliotaka kuumimina kwenye kikorogeo, uweke kando hadi kesho yake, ndipo uumwage juu ya zege.