Makala ya Barafu ya Kibo Ianzie Wapi?

Mwandishi aliyepewa kazi ya kueleza kupungua kwa barafu ya Mlima Kilimanjaro anaweza kuanza kwa swali, dai zito, takwimu au kisa. Mada hii inakubali zote nne, ila kila mwanzo unamwahidi msomaji makala tofauti.

Dai zito huvutia haraka, na ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Lonnie Thompson walikadiria kwamba barafu hiyo ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Mwandishi aliyeanza kwa kutangaza kuwa kufikia 2020 kilele kingekuwa kitupu aligeuza kadirio kuwa jambo la hakika. Mwaka huo ulipita, na barafu bado ipo. Kupungua kwake kuna ushahidi wa kutosha. Tarehe ya kutoweka haina, na dai halipaswi kuvuka pale ushahidi unapoishia.

Takwimu nayo inataka kuchaguliwa. Kati ya 1912 na 2007 eneo lenye barafu lilipungua kwa takriban asilimia 85. Msomaji anasikia kwamba ni nyingi, lakini haoni kitu. Akiambiwa kwamba kilometa za mraba zipatazo 12 zimebaki chini ya 2, anaanza kuona. Mwanzo huu unaifaa makala inayohusu ukubwa wa hasara.

Swali ndilo linaloharibiwa mara nyingi. “Je, unajua kuwa barafu ya Kilimanjaro inapungua?” Anayejua hana haja ya kuendelea. Swali zuri hubeba fumbo: kwa nini barafu inapungua mahali ambapo hewa huwa chini ya nyuzi sifuri karibu wakati wote? Hapo msomaji anadai jibu, na jibu lipo. Jua kali huigeuza barafu kuwa mvuke bila kupitia hali ya maji, na theluji mpya haitoshi kufidia. Makala inayoeleza sababu haihitaji mwanzo mwingine.

Makala inayoonyesha mabadiliko, hata hivyo, inapata nguvu zaidi kwa kisa. Mwaka 1887 Mjerumani Hans Meyer alizuiwa na barafu ya Kibo akarudi chini. Alirejea mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, wakachonga ngazi kwenye barafu kwa shoka hadi wakafika juu. Leo wapandaji wa njia ya Marangu hufika ukingo wa kreta wakikanyaga changarawe na mawe. Katika kisa hicho barafu yenyewe ndiyo mhusika. Kisa cha mpagazi anayetetemeka kwa baridi kingegusa moyo, lakini kingefungua makala ya ajira mlimani, na mwandishi angelazimika kumwacha mpagazi huyo njiani katika aya ya pili. Baada ya kisa cha Meyer, zile kilometa 12 zinaweza kufuata moja kwa moja, kwa kuwa msomaji ameshajua barafu hiyo ilikuwa wapi.