Zima Sabufa, Redio Iendelee

Nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam zina ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili. Katika zile za zamani, ukuta unaotenganisha chumba na chumba hauendi mpaka kwenye bati. Unaishia usawa wa kenchi, na juu yake kuko wazi. Ndiyo maana mpangaji wa chumba cha pili humsikia jirani akikohoa, na humsikia vizuri zaidi akiwasha sabufa saa sita usiku.

Tuchukue nyumba ya namna hiyo. Chumba kimoja anakaa mama anayeuza vitumbua. Huwasha jiko saa kumi alfajiri ili saa kumi na mbili awe ameshapanga biashara kituoni, kwa hiyo asipolala saa nne, siku inayofuata imeharibika. Chumba cha pili anakaa kijana wa bodaboda. Yeye hurudi saa nne unusu, anaoga, anakula, halafu ndipo anapopata saa yake ya kupumzika na singeli, au mpira siku zikiwepo mechi za Ulaya.

Wiki kadhaa mama anavumilia. Halafu usiku mmoja anagonga mlango kwa kiganja: “Hivi wewe, wenzio tunafanya kazi! Kila siku makelele, huna hata adabu. Punguza!”

Kijana anapunguza, na kesho yake hamwamkii. Usiku wa tatu muziki umerudi palepale, safari hii kwa makusudi.

Tuyaangalie maneno yale moja moja, maana kila moja lina kosa lake. “Wenzio tunafanya kazi” linamwambia mtu aliyeshinda juani kwenye pikipiki kwamba yeye hafanyi kazi. “Kila siku” si kweli. Juzi aliwahi kulala, na papo hapo kichwani mwake anaikumbuka juzi hiyo, kwa hiyo badala ya kusikiliza anaandaa utetezi. “Huna adabu” limeshatoka kwenye redio limekwenda kwa wazazi wake. Na amri ile, “punguza”, imetolewa mlangoni, ukumbi mzima ukisikia. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani, Jack Brehm, alieleza kwamba mtu akihisi ananyang'anywa uhuru aliokuwa nao, hamu ya kuurudisha humpanda. Akitii leo, atatafuta namna ya kuonyesha kwamba hakushindwa.

Lakini kosa linalosahaulika zaidi ni kwamba “punguza” halina kipimo. Sauti nyembamba, kama ya mwimbaji, hupungua sana ikikutana na tofali. Mdundo mnene wa sabufa hupita, na sabufa ikiwa sakafuni imegusa ukuta, ukuta wenyewe hutikisika na kuupeleka mtikisiko upande wa pili. Kijana akizungusha kitufe kidogo, chumbani kwake anaona muziki umeshuka sana, kwa sababu anachosikia yeye ni wimbo. Mama kitandani bado anapigwa na du-du-du ileile. Mmoja anaamini ametii, mwingine anaamini amedharauliwa, na wote wawili wanasema kweli.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili, wa mafumbo: mama anamwambia mwenzake uani, kwa sauti ya kutosha, kwamba siku hizi kuna watu wamefungua ukumbi wa disko nyumbani. Au anavaa kanga yenye jina la kumlenga mtu. Sisi wa pwani tunalipenda sana jambo hili, na lina utamu wake. Kwa kelele za usiku, hata hivyo, halifai. Fumbo halimpi mlengwa nafasi ya kuuliza “unataka nifanye nini?”, wala ya kujibu bila kujitangaza kwamba ndiye. Ujumbe kwenye kundi la wasapu la wapangaji ni fumbo hilohilo, isipokuwa hili linabaki limeandikwa.

Sasa tumrudishe mama yetu. Safari hii anangoja mchana wa Jumapili, kijana akiwa anaosha pikipiki peke yake. Anamsalimia, anapokea “shikamoo”, anauliza habari za barabarani. Halafu anasema:

“Mdogo wangu, nina ombi. Mimi huamka saa kumi alfajiri kukaanga, kwa hiyo saa nne niko kitandani. Ule mdundo wa sabufa unanifikia hata ukiwa umepunguza redio, ukuta wetu ni mmoja na juu kuko wazi. Nakuomba ikifika saa tano uizime sabufa tu, redio iendelee. Siku ya mechi niambie mapema, nitajua la kufanya. Na kama sufuria zangu za alfajiri zinakukatiza usingizi, nawe uniambie.”

Adabu ya maneno haya haikutokana na wingi wa samahani. Samahani hata moja haimo. Sababu imetangulia ombi, nayo ni ya kazi yake mwenyewe, haina tabia ya kijana ndani yake. Maneno “hata ukiwa umepunguza” yanamvua lawama: kumbe alikuwa akijitahidi, tatizo ni ukuta. Ombi lina saa na lina kifaa, kwa hiyo kesho yake kila mmoja atajua kama limetimizwa. Na kijana amebakiwa na kitu chake, yaani redio na mechi. Akikubali, hajasalimu amri.

Sentensi ya mwisho kuhusu sufuria si mapambo. Mtu anayelala saa saba usiku, mwiko ukigonga karai saa kumi, naye ana kesi yake ambayo hajaisema. Katika nyumba kama hizi mara nyingi ndipo mazungumzo yanapofunguka: “Kusema kweli mama, lile karai...” Basi karai litahamia upande wa pili wa uani, na sabufa itasogezwa mbali na ukuta na kuwekewa kipande cha godoro chini yake.

Utajuaje kama ameelewa? Usifurahie “sawa, sawa” ya haraka. Hiyo mara nyingi ni ya kukuondoa. Afadhali anayeuliza: sabufa peke yake? Jumamosi je, iwe saa sita? Anayepatana bei ana nia ya kununua. Usiku wa kwanza ukipita kimya, mwambie asubuhi kwamba umelala. Na mdundo ukirudi wiki ya pili, acha “si tulikubaliana?” Sema: “Jana sabufa iliendelea mpaka saa saba, kuna kitu kimebadilika?” Pengine alikuwa na mgeni.

Maneno haya yana mipaka yake. Hayamfai aliyelewa usiku ule. Mwache mpaka kesho. Ukisikia kilio cha mtu anayepigwa, huo si wakati wa kuchagua maneno, ita watu. Na baa iliyoelekeza maspika mtaani ni biashara, ina kanuni zake: Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015. Hata kwa jirani wa kawaida, akikataa kabisa, kuna mjumbe na mwenyekiti wa mtaa. Kabla ya kwenda kwao andika tarehe na saa za usiku husika, maana watakuuliza ni lini, na watakuuliza kama mlishazungumza wenyewe. Mwenye nyumba naye aje baada ya mazungumzo hayo. Akianza yeye, kijana atajua ni nani aliyemsemea, na sabufa itabaki ukutani.