Kinyota kwenye jedwali la bima

Mwenye duka la vitenge Kariakoo ametumiwa picha mbili za skrini za bima ya wizi. Ada ya kwanza ni shilingi 240,000 kwa mwaka, ya pili 330,000. Macho hukimbilia hapo.

Tuseme ameibiwa mali ya milioni 4. Mpango wa pili unamtaka abebe 200,000 mwenyewe. Wa kwanza umeandikwa 10%*, yaani 400,000, ila maelezo ya kinyota yamekatwa chini ya picha. Akiomba ukurasa mzima, anasoma: “isiyopungua 800,000”. Nafuu ya ada imekwisha hapo.

Mpango wa pili nao haulipi wizi usioacha alama ya kuvunja, na funguo zake anazo kijana wa dukani.