Chenga Zisizotibika kwa Rimoti

Runinga ya inchi 55 ikishafungwa sebuleni, lalamiko la kwanza mara nyingi huwa kwamba mpira ulionekana vizuri zaidi kwenye ile ndogo ya zamani. Mwenye nyumba hushika rimoti, akaongeza hiki na kupunguza kile, mwishowe akamwita fundi. Kabla ya kumlipa fundi, afadhali ujue chenga zako ni za aina gani, maana zipo aina mbili, na dawa ya moja haifui dafu kwa nyingine.

Aina ya kwanza hutokana na mawimbi dhaifu. Miraba hujitokeza ghafla popote kwenye kioo, mingine ikiwa na rangi za ajabu, picha huganda, na sauti nayo hukatika au kukwaruza. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi utafute vipimo viwili, Signal Strength na Signal Quality. Cha kutazama zaidi ni hicho cha pili, yaani ubora. Nguvu inaweza kuwa kubwa huku ubora ukipandapanda na kushuka, na hapo kununua kikuza mawimbi ni kupoteza pesa, kwa sababu hukuza na kelele iliyomo. Kagua kwanza uelekeo wa antena, kebo iliyoingia maji na kiungio kilicholegea. Hakuna kitufe cha runinga kinachotibu haya.

Aina ya pili huwachanganya wengi, kwa kuwa ubora wa mawimbi husoma vizuri, sauti ni safi, na bado picha ina miraba. Angalia inapotokea: kamera inapoufuata mpira kwa kasi, nyasi zikageuka uji wa kijani, mashabiki jukwaani wakawa vigae. Mtangazaji wa habari aliyetulia mezani, kwenye chaneli hiyohiyo, anaonekana safi. Jirani mwenye king'amuzi cha kampuni hiyo naye anaona vilevile.

Hapo picha imebanwa kupita kiasi kabla haijarushwa. Picha ya ubora wa kawaida ina nukta 720 kwa 576, na hupita 25 kila sekunde. Ikirushwa bila kubanwa ingehitaji takribani megabiti 124 kwa sekunde. Sasa tuseme masafa mamoja ya mnara yanabeba megabiti 30, na mrushaji ameyagawa kwa chaneli 15: kila moja inapata wastani wa megabiti 2, yaani sehemu moja kati ya 62. Ili itoshe, mtambo huigawa picha katika miraba midogo, hutupa maelezo madogomadogo ndani ya kila mraba, na hutuma zaidi yale yaliyobadilika tangu picha iliyotangulia. Studio ya habari haibadiliki sana, kwa hiyo biti zinatosha. Uwanjani karibu kila kitu hubadilika kwa pamoja. Mraba hupewa rangi ya kukadiria, haulingani na mwenzake, na mpaka kati yao ukaonekana.

Kioo kikubwa hakikuharibu picha, kimeifichua tu. Runinga ya nukta 1920 kwa 1080 inatandaza picha hiyo juu ya nukta mara tano zaidi. Ya 4K, mara ishirini.

Mipangilio inaweza kupunguza kero. Anza na Sharpness, ambayo watu huiongeza wakidhani italeta maelezo. Kazi yake ni kukoleza kingo, na kingo za miraba nazo ni kingo. Tazama kisanduku cha matokeo kwenye kona ya kioo: ukiona mstari mweupe umezizunguka herufi, punguza mpaka upotee. Ondoa hali ya Vivid au Dynamic, ile inayopendeza dukani, kwa sababu utofauti mkali wa mwanga huibua miraba iliyojificha kwenye giza. Kisha jaribu MPEG Noise Reduction, kama ipo, kwa kiwango cha chini au cha kati. Hiyo hulainisha mipaka ya miraba, lakini ukiipandisha sana nyuso huwa kama za nta na mpira ukaacha mkia. Mimi ningechagua miraba michache kuliko nyuso za nta.

Kuhamia kebo ya HDMI kutoka zile za rangi tatu husafisha rangi na maandishi, ingawa miraba nayo itaonekana wazi zaidi. Kuweka king'amuzi kitoe 1080 hakuifanyi chaneli ya ubora wa kawaida kuwa ya HD. Hubadilisha tu nani anaikuza picha, king'amuzi au runinga. Jaribu kote kuwili, ubaki na kunakopendeza. Kusogeza kochi nyuma kidogo nako husaidia, tena bure.

Maelezo yaliyotupwa kabla ya kufika mnarani hayarudi. Ikiwa mechi hiyo ipo pia kwenye chaneli ya HD iliyopewa biti za kutosha, ihamie hiyo. Kama haipo, mwenye uwezo wa kuirekebisha ni mrushaji, na malalamiko yako mpelekee yeye, ukitaja chaneli, saa na kipindi.