Seti Kumi za Matangazo, Wateja Walewale

Tuseme mwenye duka la mabegi Kariakoo hutenga sh 30,000 kwa siku kwa matangazo ya Facebook na Instagram. Ukifungua akaunti yake kwenye Ads Manager unakuta seti kumi za matangazo, kila moja sh 3,000. Kila mauzo yalipopoa alinakili kampeni, akabadilisha picha, na ile ya zamani akaiacha iendelee. Majina yenye neno "Copy" mwishoni ndiyo dalili ya kwanza.

Kuikagua, chagua siku 30 zilizopita, kisha andika kila seti inayoendelea kwenye mstari wake: lengo, walengwa, bajeti, matokeo. Zipange kwa walengwa. Hapo marudio hujitokeza yenyewe, kwa sababu karibu zote zinawatafuta wanawake walewale wa Dar es Salaam. Matangazo ya akaunti moja yanapokutana mnadani kwa mtu mmoja, mfumo huingiza moja tu na mengine huyaweka kando. Ndiyo maana baadhi ya seti hazimalizi hata hizo sh 3,000, naye mwenye duka hulaumu picha.

Sasa tazama malengo. Seti sita zinatafuta ujumbe wa WhatsApp. Nne ziko kwenye Traffic, yaani zinatafuta wabonyezaji. Mbonyezo unagharimu sh 50 na ujumbe sh 1,500, basi anaona Traffic ni rahisi. Huo ni ulinganisho wa uongo: mfumo humletea alichoomba, na wapenda kubonyeza si lazima wawe wanunuzi. Kipimo cha haki ni mabegi yaliyouzwa. Akiona hizo nne hazileti wanunuzi, azizime, mimi nisingesita.

Tatizo la bajeti ndilo gumu kuonekana. Ili gharama itulie, kila seti huhitaji takriban matokeo 50 kwa wiki. Isipofikia, Ads Manager huandika "Learning limited". Kwa sh 3,000, seti hupata ujumbe 2 kwa siku, 14 kwa wiki. Hata akisubiri miezi, haifiki. Zile sh 30,000 zote zikienda kwenye seti mbili za ujumbe, kwa gharama ileile kila moja hupata ujumbe 70 kwa wiki. Hajaongeza hata senti.

Si kila mgawanyo ni kosa. Waliowahi kuulizia bei wanastahili seti yao, mradi watolewe kwenye ile ya wateja wapya na wawe wengi wa kutosha. Mikoa yenye gharama tofauti ya usafirishaji nayo inaweza kutengwa. Lakini kutenga picha tatu za begi moja katika seti tatu hakuna sababu. Ziweke zote ndani ya seti moja.

Ukishaunganisha, usiguse bajeti wala walengwa kwa siku saba. Badiliko kubwa huurudisha mfumo kujifunza upya.