Pateni Kubwa Kuliko Mchoro

Mchoro unasema urefu wa hauzingi ni milimita 420. Pateni ya mbao iliyolala juu ya meza ya fundi, ukiipima kwa utepe wa kawaida, inatoa 430.3. Mgeni akiona hivyo atadhani fundi kapitiliza kwa sentimita nzima. Sivyo. Kila milimita katika hizo kumi na ushei ina kazi yake: sita zitaliwa na mashine ya kukatia, na nne zilizobaki pamoja na ushei wake zitatoweka zenyewe wakati chuma kinapoa ndani ya mchanga.

Hauzingi inayozungumzwa hapa ni ya giaboksi, lile sanduku zito la chuma linalobeba gia, shafti na beringi. Hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, kile ambacho mafundi wengi hukiita kasti. Pateni hufunikwa kwa mchanga ndani ya fremu mbili, boksi la juu na la chini, mchanga ukashindiliwa, kisha pateni ikachomolewa. Nafasi inayobaki ndiyo kalibu. Ili hauzingi iwe na uwazi ndani badala ya kuwa jiwe zima la chuma, kiini cha mchanga uliogandishwa hulazwa katikati ya kalibu, na chuma hujaza nafasi iliyo kati ya kiini na kuta.

Chuma humiminwa kikiwa na joto la nyuzi 1,350 hivi za Selsiasi, na huganda kinapokaribia 1,150. Kuna kunywea kwa aina mbili, na si vizuri kuzichanganya. Kunywea kwa kwanza hutokea chuma kikiwa bado uji na wakati kinaganda. Hapo tiba yake ni kukiongezea chuma kutoka kwenye akiba iliyoachwa juu ya kalibu, la sivyo hutokea mapango ndani ya kuta. Pateni haihusiki. Kunywea kwa pili huanza chuma kikishakuwa kigumu, kutoka nyuzi elfu moja na zaidi hadi joto la mkono. Hapo hakuna cha kuongeza tena, umbo zima linajikunja, na dawa pekee ni kuwa na kalibu iliyokuwa kubwa tangu mwanzo.

Kiasi cha kunywea huku kwa chuma kijivu, aina inayotumika zaidi kwa hauzingi, ni asilimia 1 hivi. Mafundi wa zamani waliopima kwa inchi walisema sehemu ya nane ya inchi kwa kila futi, ambayo ni karibu kilekile. Chuma cha pua kikimiminwa hunywea kama mara mbili ya hapo, na aluminiamu asilimia 1.3 hivi. Kijivu kina nafuu kwa sababu sehemu ya kaboni iliyomo hujitenga kama vipande vyembamba vya grafaiti, na grafaiti hudai nafasi, hivyo hufidia sehemu ya kile ambacho chuma kinapoteza.

Sasa hesabu yenyewe. Nyuso mbili za mwisho za hauzingi yetu zitakatwa kwa mashine, kwa hiyo fundi anaongeza milimita 3 kila upande: 420 inakuwa 426. Hicho ndicho kipimo anachotaka kukiona kwenye kitu kilichotoka mchangani. Kisha anazidisha kwa 1.01 na kupata 430.3. Akisahau hatua ya pili, akachonga 426, hauzingi itatoka ikiwa na 421.7 hivi. Bado ni ndefu kuliko mchoro, na hilo ndilo linalodanganya. Ziada imebaki kama milimita 0.9 kila upande, na ngozi ya nje ya kasti ina chembe za mchanga zilizoungua na mara nyingi ni ngumu kuliko nyama ya ndani. Ncha ya kisu inakwaruza ngozi badala ya kupita chini yake, inabutuka, na uso unatoka na mabaka meusi yasiyofikiwa na kisu.

Sehemu inayowakosesha wengi ni mashimo. Mtu hufikiri kwamba chuma kikinywea, ukuta unarudi nyuma na tundu linapanuka. Mambo ni kinyume. Pete ya chuma ikipoa hunywea mzunguko mzima, na tundu lake hupungua kwa asilimia ileile. Kwa hiyo kiini nacho, pamoja na sanduku la mbao linalokifinyanga, sharti kikuzwe.

Tuseme uwazi wa ndani wa hauzingi una upana wa milimita 240 na ukuta wake ni milimita 10 kila upande, jumla 260. Kwa nje pateni itakuwa 262.6, na kiini kitakuwa 242.4. Fundi akikuza pateni peke yake na kuacha kiini na 240, kasti itatoka na umbo zuri kwa nje, lakini uwazi utakuwa 237.6 na kuta zitakuwa zimenenepa kwa zaidi ya milimita moja kila moja. Hakuna atakayegundua kwa macho. Itagundulika siku ya kufunga gia, pale jino lililotakiwa kupita huru linapoanza kusugua ukuta, kwa kuwa ndani hakuna anayekata kwa mashine.

Tundu la beringi lina hesabu inayokwenda kinyume kwanza, halafu inarudi. Kama beringi inataka milimita 110, fundi anaacha chuma cha kukereza milimita 3 kila upande, hivyo tundu la kasti liwe 104. Hiyo 104 anaikuza kuwa 105 kwenye kiini. Nyongeza ya kukereza hupunguza kiini, nyongeza ya kunywea hukiongeza. Anayezikumbuka kama kitu kimoja ndiye anayeharibu.

Vinundu vya bolti vyenye kipenyo cha milimita 24 havimsumbui mtu, kwani robo ya milimita haina madhara hapo. Kinachojalisha ni mahali vilipo. Umbali wa kati hadi kati wa matundu mawili ya beringi, tuseme 160, lazima uwe 161.6 kwenye pateni. Ndiyo maana wanaochora kwa kompyuta wanashauriwa kukuza umbo zima kwa pamoja kutoka nukta moja, kuliko kugusa kipimo kimoja kimoja na kuacha vingine nyuma.

Kabla ya kompyuta, na hadi leo katika karakana nyingi, hesabu yote hii ilifichwa ndani ya rula. Rula ya fundi pateni imechorwa alama zilizovutwa: palipoandikwa 300, urefu wa kweli ni 303. Fundi anasoma mchoro, anapima kwa rula hiyo, na ukuzaji umeshafanyika bila kuzidisha lolote. Ni chombo chenye akili nyingi, lakini kina hatari yake. Rula ya kawaida na rula ya kunywea zikilala juu ya meza moja, asubuhi unapima mwili wa pateni kwa hii, jioni unapima sanduku la kiini kwa ile, na kiini hakikai kwenye makao yake. Kuzitofautisha ni rahisi: zilaze ubavu kwa ubavu, ziweke sawa kwenye sifuri, na utazame upande wa pili.

Hadi hapa asilimia 1 imetumika kana kwamba ni sheria. Si sheria. Ni makadirio ya chuma kinachonywea bila kuzuiwa, na hauzingi ni umbo ambalo huzuiwa sana. Kasti inapojaribu kujikunja, katikati yake kuna kiini kigumu kinachokataa kubanwa, na kwenye ncha kuna flanji zilizoshikwa na mchanga ulioshindiliwa. Chuma kingali laini kwa joto, hivyo kinavutika kidogo badala ya kunywea chote. Kwa urefu wa sanduku kama hili asilimia inaweza kushuka hadi 0.7, huku kwenye unene wa flanji, ambako hakuna cha kukizuia, ikibaki karibu na 1. Kiini kikiwa kigumu kupita kiasi, chuma hupasuka kwenye kona kingali na joto.

Kwa sababu hiyo, pateni ya kazi ya usahihi haimaliziki hadi kasti ya kwanza itoke. Inaachwa ipoe kabisa, inapimwa, na kipimo chake kinalinganishwa na cha pateni. Turudi kwenye urefu wetu: pateni 430.3, kasti imetoka 427.3. Tofauti ni milimita 3, ambayo ukiigawa kwa 430.3 unapata asilimia 0.7. Fundi alitaka 426, hivyo anaipunguza pateni hadi 429. Upande wa upana anafanya hesabu yake peke yake, na hauhitaji kulingana na huu.

Kimo kina tabia yake. Kasti ikitoka ndefu kwenda juu kuliko ilivyotarajiwa, kosa mara nyingi haliko kwenye asilimia. Chuma cha maji ni kizito karibu mara saba ya maji, na kikipanda ndani ya kalibu kinaweza kuliinua boksi la juu. Dalili yake ni ukingo mwembamba wa chuma uliochomoza pale maboksi mawili yanapokutana. Hapo pateni isiguswe. Yaongezwe mawe ya kukandamizia.

Namba pia huhama chuma kikibadilika. Kiwanda kinachoyeyusha mabloku ya injini na ngoma za breki kwa kawaida hupata kijivu. Vipande vya chuma cha pua vikizidi kwenye tanuri, kaboni hupungua, grafaiti inashindwa kujitenga, na sehemu nyembamba hutoka na chuma cheupe, kigumu kama kioo, kinachonywea karibu asilimia 2. Njia ya kujua kabla ya kumimina hauzingi ni kumimina kwanza kipande kidogo chenye umbo la kabari, kukipoza, na kukivunja. Ncha nyembamba huwa nyeupe, na kadiri unavyoelekea upande mnene rangi hugeuka kijivu. Weupe ukipanda mbali kuliko kawaida ya kiwanda, chuma kile kirekebishwe kwanza, kwa sababu pateni ilikuzwa kwa ajili ya chuma kingine.

Na mbao nazo hazitulii. Ubao mpana hunenepa na kusinyaa kwa unyevu ukikata nyuzi zake, na katika majira mawili unaweza kusogea kwa kiasi kile kile ambacho fundi amekitunza kwa rula yake. Ndiyo maana pateni hugundishwa kwa vipande vyembamba vilivyokauka, nyuzi zikapishana, kisha ikapakwa rangi au vanishi hadi ndani ya kila kona.

Kazi ikiwa ya hauzingi mamia, pateni ya mbao haitastahimili kushindiliwa kila siku, na hubadilishwa kwa ya aluminiamu. Aluminiamu hiyo nayo itasubiwa kutoka kwenye mbao, na itanywea kabla chuma hakijanywea. Ile 429 iliyosahihishwa kwa jasho inakuwa kipimo cha aluminiamu, na mbao ya kuizalia inachongwa 434.6. Fundi mwangalifu huiandika ubavuni kwa rangi, herufi kubwa, kwamba ni mama wa pateni, kisha huitundika ukuta wa mbali na mchanga wa chuma.